Gunia 80: jinsi ya kuandika bei ili muuzaji na mnunuzi wasome kitu kimoja

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu, neno kwa neno: "Mahindi yapo, meupe, makavu. Gunia 80. Mzigo Namanga." Mnunuzi wa Kitengela akajibu: "Sawa kaka. Weka 100." Nilikuwa dalali kati ya watu wawili, muuzaji wa Babati, Tanzania, na huyo wa Kitengela, Kenya. Hiyo 80 ilikuwa shilingi 80,000 za Tanzania kwa gunia moja, na 100 ilikuwa idadi ya magunia. Nilipoona jibu hilo nilifurahi kwamba biashara imeisha kwa maneno kumi na mawili.

Siku nne baadaye simu ililia kabla sijaamka. Mzigo umefika, umepimwa, una kilo 9,000. Mnunuzi alitarajia 10,000. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba gunia la mahindi la Tanzania ni kilo 100, akapiga hesabu yake kwa kilo, akaona bei ni nzuri, akalipa. Muuzaji naye alishangaa kuulizwa. Alijua tangu mwanzo kwamba mzigo unavuka mpaka, na mahindi yanayokwenda Kenya hufungwa gunia la kilo 90, kwa hiyo bei yake aliitaja kwa gunia hilo. Hakuna aliyedanganya. Mimi ndiye niliyeandika neno "gunia" na kuliacha hivyohivyo.

Kilo 1,000 zilizokosekana, kwa TZS 800 ambayo mnunuzi aliihesabu kwa kila kilo, ni TZS 800,000. Baada ya simu nyingi muuzaji alirudisha 400,000, mnunuzi akameza 250,000, na mimi nikaachia 150,000 za udalali wangu. Mwongozo huu unatokana na hizo 150,000. Nitafuata mzigo uleule wa mahindi hatua kwa hatua, na mahali pachache nitatoka kwenda kwenye nguo, mayai na vikombe, kwa sababu huko kuna mitego ambayo mahindi hayana.

Hatua ya 1: Tenga kipimo na chombo

Gunia, debe, ndoo, tenga, katoni na trei ni vyombo. Kilo, lita, mita na kipande kimoja ni vipimo. Ugomvi mwingi wa bei unaanzia pale chombo kinapotumika kana kwamba ni kipimo. Mahindi ndiyo mfano mzuri kuliko yote: sokoni Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90, sokoni kwetu huhesabiwa kilo 100. Neno ni moja, nafaka ni ileile, na kati yake kuna tofauti ya sehemu moja ya kumi. Faida ya mchuuzi wa mahindi mara nyingi haifiki hiyo sehemu ya kumi.

Kisha kuna lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezwa "kofia" kwa kamba au neti, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na kwa mazao ya shamba ufungashaji wa kuzidi kilo 100 hauruhusiwi. Kenya nao waliweka kanuni ya viazi mwaka 2019: mfuko usizidi kilo 50. Kanuni zipo, lakini ukiandika "gunia la viazi 60,000" umewaachia wabebaji na sindano zao waamue uzito.

Debe ni baya zaidi kwa sababu linapima ujazo, si uzito. Debe la lita 20 likijaa mahindi makavu hukaribia kilo 15 au 16. Lijaze dagaa wakavu, uzito unashuka sana. Na hata kwa mahindi yenyewe, debe lililosawazishwa kwa ubao na debe lililoachwa na kilima juu ni madebe mawili tofauti. Gorogoro la Kenya, ambalo wengi hulihesabu kilo 2 za mahindi, na sado letu vina tabia hiyohiyo. Kwa mteja aliyesimama mbele yako hakuna tatizo, anaona kilima kwa macho yake. Kwa mtu aliye kilomita 400 mbali, kilima hakionekani.

Kwa hiyo bei iandikwe kwa kipimo, na chombo kitajwe baada yake kama maelezo ya ufungashaji. Badala ya "Gunia 80", kama mmekubaliana 800 kwa kilo, andika: "TZS 800 kwa kilo 1. Imefungwa kwenye mifuko ya kilo 90." Sasa hata kama mnunuzi alifikiria kilo 100, atapiga hesabu mwenyewe aone mfuko mmoja ni TZS 72,000. Kama alikuwa anadhani 80,000, atauliza siku hiyohiyo, kabla lori halijapakiwa.

Kuna wanaosema wateja wao hawajazoea kununua kwa kilo. Ni kweli, na huna haja ya kuwabadilisha. Andika zote mbili, lakini moja itokane na nyingine: "Mfuko wa kilo 90 ni TZS 72,000, yaani TZS 800 kwa kilo." Zikitofautiana hata kidogo, utakuwa umetengeneza bei mbili, na mteja atashika ile inayomfaa.

Hatua ya 2: Taja ni shilingi ya nani

Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake. Jina likabaki, thamani zikaachana. Leo shilingi moja ya Kenya inanunua karibu shilingi ishirini za Tanzania, na ya Uganda ni ndogo kuliko ya kwetu. Alama ya /= tunayoipenda sana ilitoka enzi za Waingereza na haitaji nchi yoyote. "5,000/=" ikisomwa Arusha ni hela ya chakula cha mchana; ikisomwa Nairobi ni hela ya kuandaa karamu ndogo.

Njia rahisi ni herufi tatu zinazotumiwa na mabenki: TZS, KES, UGX, RWF ya Rwanda, BIF ya Burundi, CDF ya Kongo, USD. Ziweke mbele ya namba, bila kuruka hata mstari mmoja. Watu huandika TZS kwenye bei ya kwanza halafu mistari inayofuata wanaacha, wakidhani imeeleweka. Mteja akikata kipande cha picha ya orodha yako na kumtumia mwenzake wa ng'ambo, kipande hicho huenda hakina ule mstari wa kwanza.

Elfu nazo ziandikwe kamili. Sisi tunazimeza: "80" ni elfu themanini, "mbili na nusu" ni 2,500 au 250,000 au milioni mbili na nusu, kutegemea unauza nini. Mkenya naye kwake 80 ni themanini kweli, noti ya hamsini na sarafu. Kwenye mdomo tunaelewana kwa sababu kila mtu anajua bei ya soko. Kwenye maandishi, bidhaa isiyo na bei inayojulikana, kama spea ya mashine au kitambaa kipya, haimpi msomaji mahali pa kujishikiza. Andika 80,000.

Hapo kwenye mkato pana shimo jingine. Sisi tunatenga elfu kwa mkato na desimali kwa nukta: 1,250.50. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi, wamezoea kinyume chake: mkato ni wa desimali, na elfu hutengwa kwa nukta au nafasi. Kwao "kilo 1,250" inaweza kusomeka kama kilo moja na robo. Na Omani kuna la kwao pia, kwa sababu rial moja ina baisa 1,000, hivyo bei dukani Maskati huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. "OMR 2.500" ni rial mbili na nusu. Mtu wa Unguja akipokea orodha ya namna hiyo na kuisoma 2,500 ataachana na biashara nzuri kwa hofu ya bure. Ukiuza kwa watu hao, andika namba kubwa kwa tarakimu na kwa maneno, angalau kwenye jumla ya mwisho.

Sasa kiwango cha kubadilisha. Kwenye ule mzigo wetu wa mahindi, tulikubaliana kwa mdomo kwamba shilingi moja ya Kenya ni 20 za Tanzania. Mnunuzi akalipa KES 400,000, akijua kwake amemaliza. Muuzaji alipozipeleka kwa wabadilishaji akapewa 19.8, akatoka na TZS 7,920,000. Palikuwa na upungufu wa 80,000 ambao haukuhusiana kabisa na uzito, na uliingia kwenye ugomvi uleule ukaukoroga. Ndiyo maana mstari wa malipo unahitaji vitu vitatu: fedha ambayo bei imepangwa, kiwango kama utapokea fedha nyingine, na tarehe kiwango hicho kinapokufa. "Bei ni TZS. Ukilipa kwa KES, hesabu kwa 20, mwisho Ijumaa saa 10 jioni. Ada ya kutuma ni ya anayetuma, ya kutoa ni ya anayepokea."

Kwa wanaouza ndani ya Tanzania, tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma inayouzwa ndani ya nchi kwa fedha za nje. Wale wa Kariakoo waliokuwa wakibandika dola kwenye simu na mashine ilibidi wabadilishe. Kwa hiyo TZS kwenye orodha ya ndani siyo suala la mapenzi.

Hatua ya 3: Sema mizani ni ya wapi

Watu wengi wakishaandika "kwa kilo" hupumua. Lakini kilo ya Babati na kilo ya Kitengela zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kugusa mzigo.

Sababu ya kwanza ni maji. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tuseme mzigo wa kilo 10,000 umepimwa ukiwa na unyevu wa asilimia 16, halafu mnunuzi akauanika hadi 13.5 ili ghala au kiwanda kiupokee. Mahindi makavu yenyewe ndani yake, ukitoa maji yote, ni kilo 8,400, na hayo hayabadiliki. Baada ya kuanika, hizo 8,400 zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo mpya. Gawanya 8,400 kwa 0.865, unapata kama kilo 9,711. Kilo 289 zimepaa. Kwa TZS 800, mnunuzi amenunua maji ya zaidi ya TZS 231,000. Akikupigia simu kwamba umempunja, wewe utaapa kwamba ulipima, naye ataapa kwamba alipima, na wote mtakuwa sahihi.

Dawa yake ni kuandika unyevu pamoja na bei, na kukubaliana nani anapima na kwa kifaa gani. Kipima unyevu cha mkononi kinatosha kwa biashara ya kawaida. Wale wanaong'ata punje kwa meno wana uzoefu, nami nawaheshimu, lakini huwezi kuandika "imelia vizuri menoni" kwenye makubaliano.

Sababu ya pili ni mfuko wenyewe. Kiroba cha plastiki ni chepesi, gramu mia na kidogo, hakimuumizi mtu. Gunia la katani linakaribia kilo nzima. Mifuko 100 ya katani ni kama kilo 100 za mahindi ambazo hazipo, TZS 80,000. Ongeza maneno matatu tu: "uzito bila mfuko". Kwa asali, mafuta na dagaa wanaouzwa ndani ya ndoo, maneno hayo yana uzito kuliko kwenye mahindi, maana ndoo na mfuniko wake vinaweza kuzidi kilo moja.

Sababu ya tatu ni mizani. Andika mizani ya nani ndiyo ya mwisho: ya kupakia au ya kushusha. Mimi nachagua ya kupakia, mnunuzi au mtu wake akiwepo, kwa sababu mzigo ukishaondoka siwezi kulinda kinachotokea njiani. Mnunuzi mwenye nguvu atataka ya kushusha, na akiongeza bei kidogo kwa hilo, sawa. Lakini isiachwe wazi. Kabla ya kupima, tazama kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, halafu weka kitu unachojua uzito wake, kwa mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mizani ikisema 47, afadhali ujue kabla ya mfuko wa kwanza kuliko baada ya wa mia.

Hatua ya 4: Vitu vya kuhesabu vina lugha yake

Hapa kilo haisaidii, na maneno ndiyo yanayogombana.

Dazani ni 12, hilo halina utata, ingawa kuna viwanda vinavyofunga vikombe sita sita na muuzaji akaita pakiti hiyo dazani kwa mazoea ya mdomo. Trei ya mayai ni 30. Mkenya mara nyingi huiita kreti ya mayai, na mtu wa Tanzania akisikia kreti anawaza soda, chupa 24. Korja ni 20, na wauza kanga wa zamani bado wanaitumia. Lakini korja ya nini? Kanga huuzwa doti, na doti moja ni vipande viwili. Korja ya doti ina vipande 40. Korja ya vipande ina doti 10. Bei moja, nusu ya mzigo.

Jora nalo ni la kuogopa. Wengine huita jora kitambaa chote kilichoviringishwa kutoka kiwandani, wengine kipande cha yadi fulani walichozoea dukani kwao. Andika urefu. "Kitenge, kipande cha yadi 6, TZS 18,000 kwa kipande" haliwezi kubishaniwa na mtu mwenye futi.

Jina la bidhaa lenyewe likibadilika kwa mahali, kipimo hakitakuokoa. Mombasa leso ni kanga. Dar es Salaam leso ni kitambaa cha kufutia jasho, kinachokunjwa mfukoni. Ukimwandikia muuzaji wa Mombasa "leso dazani moja, bei gani?" atakujibu bei itakayokufanya udhani ameishiwa adabu. Picha ya bidhaa ikiwa na rula au mkono wa mtu pembeni inamaliza mjadala.

Halafu kuna jambo ambalo lugha yetu inalifanya vizuri sana mdomoni na maandishi yanaliharibu. Mama wa sokoni akisema "vikombe vitatu elfu tano", ni elfu tano kwa vyote vitatu. Akisema "elfu tano tano", ni elfu tano kila kimoja. Kurudia neno ndiko kunakogawa bei. Kila anayezungumza Kiswahili analijua hilo bila kufundishwa. Lakini kwenye simu watu wanaandika "vikombe 3 @5000" au "vikombe 3 - 5000", na kile kirudio kimepotea. Alama ya @ kwa wahasibu ni "kila kimoja", kwa wengine ni pambo tu. Andika kwa maneno, hata kama ni marefu: "TZS 5,000 kila kimoja, vitatu TZS 15,000". Au "vitatu kwa pamoja TZS 5,000, haviuzwi kimoja kimoja".

Bei ya jumla na ya rejareja ziwe na mpaka wa namba. "Jumla 3,500, rejareja 5,000" inamwacha mteja akijiuliza vitano ni jumla au rejareja, naye atajibu mwenyewe kwa namna inayomfaa. Weka: "Kuanzia vipande 12, TZS 3,500 kila kimoja. Chini ya 12, TZS 5,000 kila kimoja." Na useme kama rangi zinaweza kuchanganywa ndani ya hao 12. Nimeona watu wakikosana kwa hilo la rangi kuliko kwa bei yenyewe.

Kwa bidhaa za viwandani taja pia kama kodi ya ongezeko la thamani imo. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, Kenya 16. Mteja wa ofisi anayehitaji risiti atakuja kuidai, na kama bei yako haikuihesabu, faida yote imekwenda.

Hatua ya 5: Andika upya, kisha mwachie mwenzako arudie

Ule ujumbe wa maneno kumi na mawili, leo, kwa bei ya 800 kwa kilo, ningeuandika hivi:

Mahindi meupe makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5.
Bei: TZS 800 kwa kilo 1, uzito bila mfuko.
Ufungashaji: mifuko 100 ya kilo 90. Jumla kilo 9,000.
Jumla ya fedha: TZS 7,200,000 (milioni saba na laki mbili).
Kupima: ghalani Namanga, upande wa Tanzania, wakati wa kupakia, mtu wako akiwepo. Uzito huo ndio wa mwisho.
Usafiri, ushuru na kushusha kuanzia hapo: mnunuzi.
Malipo: TZS. Ukilipa KES, hesabu kwa 20, yaani KES 360,000, mwisho Ijumaa saa 10 jioni.
Bei hii mwisho Jumamosi.

Mstari unaofanya kazi kubwa kuliko yote ni ule wa jumla. Bei ya kilo mara idadi ya kilo ni lazima itoe ile jumla, na ile jumla gawanya kwa mifuko ni lazima itoe bei ya mfuko. Mtu akisoma kilo vibaya, jumla itamshtua. Akisoma fedha vibaya, jumla itamshtua zaidi. Mnunuzi wangu wa Kitengela angeona "kilo 9,000" kabla ya kutuma hata senti moja.

Jibu la "sawa" lisikuridhishe. Mwombe mwenzako aandike kwa maneno yake anachonunua: kilo ngapi, bei gani, jumla gani. Wengine wanaona ni usumbufu, na mzee mmoja wa Babati aliniambia, "Kijana, unanihoji kama askari." Nilimwambia asikasirike, ni mimi niliyelipa 150,000. Akacheka, akaandika.

Sauti iliyorekodiwa si mbadala. Kwenye sauti "sabini na tisini" vinasikika karibu sawa barabara ikiwa na kelele, na huwezi kuitafuta namba ndani yake miezi miwili baadaye. Mkizungumza kwa simu, sawa, lakini mara mkikata andika muhtasari: "Kama tulivyozungumza sasa hivi…" kisha mistari ile.

Ukibadilisha bei, usihariri ujumbe wa zamani. Tuma mpya wenye tarehe, na useme ya zamani imekufa. Bei mbili zikiwa hai kwenye simu ya mteja, itakuwa ni bahati yako akichagua ile ya juu.

Mkishagombana tayari

Kwanza, simamisha mzigo pale ulipo. Mahindi yakishamwagwa na kuchanganywa na mengine, hakuna mizani itakayokusaidia. Hesabu mifuko, pima michache mbele ya watu wa pande zote mbili, na mkiweza pima yote kwenye mizani yenye stika. Piga picha ya namba kwenye mizani pamoja na mfuko wenyewe.

Pili, tafuteni kitu ambacho nyote mlikielewa sawa. Mara nyingi ni jumla ya fedha iliyolipwa au idadi ya mifuko. Kutoka hapo rudini nyuma kwenye kilo. Kwenye kesi yetu wote tulikubali mifuko 100 na TZS 8,000,000. Swali likabaki moja tu, kilo ngapi kwa mfuko, na swali moja linaweza kugawanywa.

Tatu, msitishane na mahakama kabla ya kusoma maandishi yenu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 29, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kufanywa ijulikane ni batili. "Gunia 80, weka 100" kwa watu wawili wenye magunia tofauti inakaribia sana hapo, na hapo kila mmoja anaweza kupoteza. Kama ni suala la mizani iliyochezewa au lumbesa, hilo ni la Wakala wa Vipimo, nao wana ofisi mikoani. Lakini kama mizani ni nzima na mlichokosana ni neno, mtaishia kugawana hasara, kama sisi.

Mnunuzi wa Kitengela bado anachukua mahindi kwangu. Mara ya mwisho ujumbe wake ulikuwa: "Kilo 4,500, mifuko 50 ya 90, TZS 800 kwa kilo, jumla TZS 3,600,000, nalipa KES 180,000 leo kabla ya saa 10. Nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Nilimjibu kwa kurudia namba zote.